Picha ya uchovu, keki iliyobonyea na kapsheni ya kuweka

Shikamoo dada. Naoka keki nyumbani, niko Mwanza, wateja wengi wananipata Insta na kwenye stetasi ya WhatsApp. Alhamisi siku ilinikataa kabisa, umeme ulikatika keki ya mteja ikiwa ovenini ikabonyea, nikaanza upya usiku. Mdogo wangu akanipiga picha bila mimi kujua, nimekaa kwenye ndoo ya unga, niko hoi, jasho, nywele hazieleweki, vyombo vimejaa sinki. Hiyo picha naipenda, nataka kuiposti hivohivo bila kuigusa. Shida ni maneno. Nimeandika hizi nikafuta zote: "Ukiona vyaelea jua vimeundwa 💪", na "Bila filta, bila mekapu, mimi kama mimi, mnionaje?", na "Nimechoka jamani, Mungu tu ndo anajua, wengine wanalala 😭". Nataka kusema ukweli kwamba siku ilikuwa mbovu, bila kuonekana naomba huruma na bila kuwatisha wateja. Mteja mwenyewe alipata keki Ijumaa, nilichelewa masaa mawili. Picha nimekuambatanishia. Niandike nini?

Marahaba mdogo wangu, na pole na hiyo Alhamisi.

Picha nimeiangalia vizuri, nimeivuta karibu kona zote, na nakwambia ni picha nzuri sana. Uso umeuangusha kidogo, mikono imelala mapajani, na pembeni ya meza ile keki yenye shimo katikati inaonekana wazi kabisa. Mtu anayeoka akiiona tu anajua kilichotokea. Sasa hizo kapsheni zako tatu, ukizisoma bila picha, hakuna hata moja inayosema habari ya Alhamisi. Ile ya vyaelea unaweza kuibandika chini ya picha ya nyumba mpya, ya mahafali, ya gari, popote itakaa. Ile ya mimi kama mimi imeiacha siku imekwenda kuomba watu wakuhukumu sura, na ukishauliza mnionaje utajibiwa, wengine watakwambia mzuri tu hata hivo na wengine watakwambia umechakaa, na wote watakuwa wamejibu ulichouliza. We hukutaka kuongelea sura, ulitaka kuongelea keki na usiku ule.

Ya tatu ndo naiogopa zaidi, tena naiogopa kwa sababu ndo iliyokaribia ukweli. Umechoka, ni kweli. Lakini hapo mwisho umeweka "wengine wanalala". Nani analala? Sisi watu wa huku tumekulia kwenye kanga, tunajua maneno yanavyotupwa bila jina na mwenye kulengwa akajua ni yeye, na kapsheni watu wanaisoma kwa jicho hilohilo, kabla hawajakupa pole wanatafuta kwanza nani kachambwa. Mumeo akisoma ataona ni yeye, wifi yako ataona ni kaka yake, na yule msichana uliyeacha kumpa kazi ataona ni yeye. Na kama kweli yalikukera kwamba mwenzio alikuwa kitandani wakati we unapiga mayai usiku, hayo ni maneno ya kumwambia yeye mezani, sio ya kumpitishia mbele ya wateja wako. Kapsheni ya ukweli isiwe na mtu asiyetajwa ndani yake. Ukiona umeandika "wengine", "kuna watu", "wanaojijua", futa hilo neno na sentensi yake nzima, usijaribu hata kuilainisha.

Na hapohapo kuna kitu naona hukukiangalia. Kanga uliyojifunga kiunoni, ulivyokaa, jina lake limetandika juu ya magoti na linasomeka vizuri tu: HASIDI HANA SABABU. Mdogo wangu, hiyo ni kapsheni tayari! Utaandika maneno mazuri ya keki na umeme, na mtu wa kwanza kukomenti atakuuliza hasidi ni nani, na baada yake hakuna atakayeongelea keki tena. Ikate picha kwa chini, anzia juu kidogo ya magoti, jina lote linatoka na hakuna kinachopotea, mikono inabaki, ndoo inabaki kidogo, meza na keki vinabaki. Kukata picha hivi sio uongo. Uongo ungekuwa kukata lile sinki alafu ukaandika vyombo havijaoshwa, au kuificha ile keki alafu ukaililia. Maneno na picha vishikane, unachokitaja kionekane, na kinachoonekana kikubwa usikipite kimya.

Ukiwa hapohapo kwenye kukata, angalia na daftari la oda lililofunguliwa karibu na mikisa. Kwenye simu yangu nikivuta karibu naona namba mbili za simu za wateja. Hizo zifunike au ikate picha na upande huo pia, ni nafasi ndogo tu haitaharibu. Watu wanaoposti jikoni kwao wanasahau sana vitu vya namna hii, meseji ya malipo imebaki wazi kwenye kioo cha simu, mtoto anaoga nyuma, kadi ya kliniki iko juu ya friji. Ukitaka kuacha fujo ionekane iache, ila iwe fujo yako, sio siri za watu.

Haya, maneno yenyewe. Mi nikikaa na mtu kumsaidia kapsheni ya siku mbovu namuuliza vitu vichache tu, na namtaka ajibu kwa mdomo kama anamweleza jirani, asiandike kwanza. Ilikuwa saa ngapi? Nini kiliharibika? Kwa nini? Na hapo kwenye picha mambo yamefikia wapi? We majibu yako yako kwenye barua na kwenye picha tayari. Ilikuwa usiku, tuseme saa nne maana naona saa ya ukutani inasoma hivo. Keki ya kwanza ilibonyea. Umeme ulikatika ikiwa ovenini. Ya pili ilikuwa imeshatoka inapoa. Vyombo hukuvigusa. Sasa yaweke tu kwa mpangilio huo:

"Saa nne usiku. Keki ya kwanza imebonyea, umeme ulikatika ikiwa ovenini. Ya pili ndo inapoa. Vyombo sijagusa."

Basi. Neno "nimechoka" halimo kabisa na hulihitaji, uchovu uko usoni kwako na kila mtu anauona. Ukiongeza nimechoka hapo unakuwa unamwambia mtu akuhurumie, lakini ukimpa saa na keki na vyombo anafika mwenyewe. Hii ndo tofauti ya kusema ukweli na kuomba huruma ambayo unaitafuta, iko kwenye vitu vyenyewe. "Maisha magumu" ni kuomba. "Vyombo sijagusa" ni taarifa. Ukiona kapsheni imetoka kwenye siku moja ikaanza kuongelea maisha yako yote, au wanawake wote, au wapambanaji wote, ujue imeshateleza, irudishe Alhamisi.

Angalia pia sababu nilivyoiweka. Iko katikati, maneno matatu manne, imepita. Keki ikipoteza moto kabla katikati hapajashika lazima ishuke, ule upepo wa bekin pauda umeshainyanyua na hakuna bado kitu kigumu cha kuishikilia, waokaji wenzio wanalijua hilo na asiyeoka anaelewa vya kutosha akisikia umeme ulikatika. Ukianza kueleza ulivyopiga simu, ulivyoambiwa utarudi baada ya nusu saa haukurudi, jirani ana jenereta akakunyima, kapsheni inageuka malalamiko na mteja anayesoma anaanza kujiuliza hivi na mimi siku yangu umeme ukikatika itakuwaje. Kwa hiyo sababu ndogo, na mara moja tu baada yake ile habari ya keki ya pili. Hiyo sentensi fupi ya "ya pili ndo inapoa" ndo inayokulinda na wateja. Mteja hatishiki kuona keki imebonyea, kila jiko linabonyeza. Anatishika asipojua kama yake ingefika.

Ila hiyo niliyoandika ina kosa moja kwako we, siku imeshapita. Ungeiposti Alhamisi ileile usiku ingekaa sawa. Ukiiposti leo na "ndo inapoa" utapata watu wanakupigia simu usiku wanakuuliza bado uko macho, na mteja ambaye alishakula keki yake Ijumaa atashangaa ni keki ipi hiyo tena, na hapo ukweli wako umeanza kuonekana wa kutengeneza wakati tukio lilikuwa la kweli. Kwa hiyo taja siku na uirudishe nyuma:

"Alhamisi saa nne usiku. Keki ya kwanza ilibonyea, umeme ulikatika ikiwa ovenini. Ya pili hapo inapoa. Vyombo vililala."

Hii naipenda kuliko ya kwanza, hata hilo "vyombo vililala" kila aliyewahi kuamka akavikuta sinki asubuhi anajua uzito wake. Na inakaa yote bila mtu kubonyeza kitu, maana Insta inaonyesha kama herufi 125 hivi za mwanzo alafu inakata inaweka "more", na hii haifiki hapo. Nafasi wanakupa hadi herufi 2,200, usiitamani. Kapsheni ya namna hii ikikatwa katikati inaharibika, mtu anasoma keki imebonyea anapita, ile ya pili haioni.

Usiongeze chini yake mstari wa kufunga. Najua mkono utakuwasha, kuweka "lakini sikukata tamaa", au "Mungu ni mwema", au "kesho ni siku nyingine". Kama unamshukuru Mungu mshukuru, mi mwenyewe namshukuru kila siku, ila ukiliweka hapo kama kifuniko watu wanaona umeanza kusema ukweli ukaogopa katikati. Na usiweke bei wala "oda bado nazipokea, piga namba hii". Hilo nakusisitiza kabisa kwa sababu najua ni akaunti ya biashara na kila posti unataka iuze. Hii iache iwe yenyewe. Ukiweka bei chini ya uso uliochoka, mtu aliyekuwa ameguswa anaona kumbe alikuwa anavutwa, na ndo maneno ya "anajifanya mnyonge apate wateja" yanapotokea. Bei iweke kwenye posti ya kesho yake na keki nzuri.

Na ile "bila filta" usiandike. Kwanza picha inajieleza. Pili, inawezekana sio kweli na hujui. Simu nyingi tunazotumia huku, Tecno na Infinix hasa, kamera yake ina sehemu imeandikwa Beauty ambayo unaweza kuikuta iko wazi bila we kuigusa, inalainisha ngozi na kung'arisha uso kabla picha haijaingia hata galari. Ya kwako nadhani imepona kwa sababu naona vinyweleo na jasho kwenye pua, lakini muulize mdogo wako alipigia simu gani. Njia ya kujua ni hii, vuta picha karibu, linganisha ngozi ya paji la uso na kitu kilicho umbali uleule, mfano kitambaa cha blauzi. Kama nyuzi za kitambaa unazihesabu na ngozi iko laini kama karatasi, Beauty ilikuwa imewaka. Ukiandika bila filta na kuna mtu anayejua kuangalia, atakuumbua kwenye komenti, na kitu ambacho hata hukukusudia kitafanya habari nzima ya Alhamisi ionekane maigizo. Kuongeza mwanga kidogo kwa sababu jiko lilikuwa na balbu moja, hapo mi sioni tatizo, alimradi usifute mduara hata mmoja chini ya macho.

Sasa mteja. Hili kwangu linakuja kabla ya kubonyeza chochote. Umechelewa masaa mawili, alikuvumilia, na sina uhakika kama ulimweleza kwamba ile aliyokula ni ya pili. Asije akalijua Insta pamoja na watu wengine wote, akaona usiku wake wa wasiwasi umegeuzwa posti. Mtumie meseji inboksi, fupi tu: "Dada, habari za tangu Ijumaa. Ile keki ya kwanza ilibonyea umeme ulipokatika, yako nilioka upya usiku uleule ndo maana nikachelewa. Kuna picha ya usiku ule nataka kuiposti, jina lako halipo na shughuli yako siitaji. Upo sawa nikiweka?" Akikubali, posti. Akikataa au akionekana kuguna, iache hata kama unaipenda vipi, au mwambie utaikata ile keki itoke na utoe na maneno ya keki, ubaki na "Alhamisi saa nne usiku. Vyombo vililala." Hiyo nayo ni kapsheni kamili wala haimgusi mtu.

Stetasi ya WhatsApp nayo ina mambo yake, usibandike tu maneno yaleyale ukadhani ni sehemu moja. Insta wanaokufuata wamekujia kwa ajili ya keki. Stetasi wanaiona wote waliokusevu na we umewasevu, mama mkwe, mwenye nyumba, shangazi wa kijijini, fundi bomba. Hawa hawataongelea keki, watauliza una nini. Mama yako akiona huo uso bila maelezo atapiga simu kabla hujaweka chini ya kwako. Kwa huko ongeza sentensi moja mbele kabisa, "Niko salama, ni usingizi tu," alafu ndo uendelee na Alhamisi. Na kama kuna watu hutaki waione, ingia kwenye mipangilio ya faragha ya stetasi, kuna "My contacts except" unawatoa unaotaka, na kuna "Only share with" unachagua wachache tu. Fanya hivo kabla ya kuweka, maana ukibadilisha baadaye ile uliyokwisha kuiweka inabaki na waliokuwepo. Stetasi itaondoka yenyewe baada ya masaa 24, Insta itakaa, na hiyo ni sababu nyingine ya Insta kutaja siku.

Komenti zikianza kuingia zisome kama majibu ya swali lako. Zikija za "jana na mimi mchele umeungua mara mbili", "hiyo sinki ni yangu kabisa", "umeme huku kwetu nao", ujue imekaa ulivyotaka, watu wameiona siku. Zikija nyingi za "kulikoni mpenzi?", "nani kakuudhi?", ujue kuna ukungu mahali, rudi kaangalie umeacha neno gani linaloelea, bonyeza vidoti vitatu juu ya posti, chagua "Edit", lisawazishe, huna haja ya kufuta posti nzima. Pole zitakuja, hizo haziepukiki na wala sio dalili mbaya, sisi mtu hata akijikwaa tunampa pole. Jibu "asante, nimeshapoa" inatosha. Usijibu kila pole kwa kisa kipya, maana komenti kumi zenye visa kumi zinafanya kile ambacho kapsheni ilikataa kufanya.

Atatokea na wa "umekonda", wa "una mimba?", wa "mbona umezeeka hivo". Huyu hajasoma ulichoandika, kaangalia ngozi. Komenti yake ifute bila kumjibu, ni ukurasa wako na wateja wako wanapita hapo.

Kwa hiyo leo muulize mdogo wako hiyo simu, kata magoti na lile daftari, tuma meseji kwa mteja, na usubiri jibu lake. Akishasema sawa, iweke jioni ya siku ambayo huna oda ya usiku, ili watakapokukomenti uwe na mkono mtupu wa kujibu.